Homa na Kutapika kwa Mwenye Kisukari: Hujala, Lakini Sindano Usiiache

Msimu wa mvua ukishaingia, hapa Mkomani hakupiti wiki bila kusikia nyumba fulani mtu yuko kitandani. Maji yametuwama nyuma ya nyumba, mbu wamejaa, na homa inatoka chumba hiki inaingia kile. Pwani yetu inajua malaria tangu zamani, dengi imeshatupiga zaidi ya mara moja, na mwisho wa mwaka 2017 hadi 2018 chikungunya iliwalaza watu wengi mjini Mombasa. Mwenye afya yake hulala siku tatu nne, akanywa dawa, akainuka. Makala haya ni ya yule wa pili aliye nyumba hiyo hiyo: anayejidunga insulini kila siku kwa sababu ya kisukari, na leo ameamka na homa, anatapika, na hawezi kutia kitu tumboni.

Neno la kwanza atakaloambiwa na wakubwa wake nyumbani linajulikana. "Mwanangu, wewe hujala, usipige sindano, sukari itashuka uanguke." Neno hilo linatoka kwa mapenzi, na lina mantiki yake. Insulini inashusha sukari, chakula kinapandisha, basi pasipo chakula sindano ya nini? Siku ya uzima hesabu hiyo inakaribia kweli. Siku ya homa imepinduka, na kwa mwenye kisukari cha aina ya 1 inaweza kumtoa roho ndani ya siku moja au mbili. Tuangalie kwa nini, kisha tuone la kufanya saa kwa saa.

Sukari inapanda ingawa hujala

Sukari iliyo ndani ya damu haitoki kwenye sahani peke yake. Ini linaweka akiba ya sukari na lina uwezo wa kutengeneza nyingine mpya. Mwili ukipigwa na homa unaona uko vitani. Unamwaga homoni za kupambana, kama adrenalini na kotisoli, na homoni hizo zinaliamuru ini lifungue ghala. Wakati huo huo zinaifanya insulini isifanye kazi kwa nguvu yake ya kawaida. Ndiyo maana mgonjwa ambaye hajala tangu jana mchana anapima sukari asubuhi anakuta 17 au 20, akashangaa imetoka wapi. Imetoka ndani yake mwenyewe.

Mtu asiye na kisukari, kongosho lake linaongeza insulini na mambo yanatulia. Mwenye kisukari cha aina ya 1 kongosho lake halitoi, au linatoa kidogo mno. Insulini yake yote ni ile anayojipiga. Kwa hivyo siku ya homa mahitaji yake ya insulini kwa kawaida yanaongezeka. Akiiacha siku hiyo, ameiacha siku anayoihitaji zaidi.

Ketoni ni kitu gani

Insulini ni ufunguo unaoruhusu sukari kuingia ndani ya seli ikatumike. Ufunguo usipokuwepo, damu imejaa sukari lakini seli zinalia njaa. Mwili unakimbilia kuchoma mafuta. Kuchoma mafuta kunaacha mabaki yanayoitwa ketoni. Zikiwa chache hazidhuru. Mtu yeyote akishinda na njaa anakuwa nazo kidogo. Lakini pasipo insulini zinatengenezwa kwa kasi isiyo na breki, na ketoni zina asidi. Damu inaanza kuwa na asidi, na mwili haustahimili hali hiyo kwa muda mrefu.

Asidi hiyo inaleta mambo matatu ambayo mtu wa nyumbani anaweza kuyaona kwa macho yake. La kwanza ni kichefuchefu, kutapika na maumivu ya tumbo. La pili ni pumzi: mgonjwa anavuta pumzi ndefu, nzito, za haraka, kama aliyepanda ngazi, na huku amelala. Pumzi hizo zilielezwa na daktari Mjerumani, Adolf Kussmaul, mwaka 1874, na mpaka leo hospitali zinaziita kwa jina lake. Ni mapafu yanajaribu kuitoa asidi nje. La tatu ni harufu ya mdomo, kama tunda lililoiva kupita kiasi au dawa ya kufutia rangi ya kucha. Si kila pua inaisikia, kwa hivyo kutoisikia si dalili ya usalama.

Sasa tazama mtego ulipo. Homa, kutapika, uchovu na kupumua haraka ndiyo hayo hayo tunayoyaita malaria. Mtu anatapika, watu wanasema malaria imempanda kichwani, ananunuliwa dawa duka la dawa la karibu, anafunikwa shuka. Pengine malaria ni kweli anayo. Lakini kutapika kule kunaweza kuwa kumeshageuka, si kwa malaria tena bali kwa ketoni. Kwa mwenye kisukari kutapika kunaweza kuwa chanzo cha tatizo, na kunaweza kuwa tatizo lenyewe limeshafika. Kwa kutazama tu hutajua. Utajua kwa kupima.

Kupima: sukari peke yake haitoshi

Siku ya homa sukari inapimwa kila saa 3 au 4, usiku pia. Usiku ndio watu wengi wanapitwa, maana mgonjwa amelala na kila mtu anasema tumwache apumzike. Mashine ikiandika HI maana yake sukari imepita uwezo wake wa kusoma, na kwa mashine nyingi ni zaidi ya 33. Huko si mahali pa kungoja nyumbani.

Ketoni zinapimwa kila sukari inapozidi 14, na kila mara mgonjwa anapotapika hata kama sukari yake si ya kutisha. Wengi wetu tutatumia vijiti vya mkojo, vinavyouzwa katika chupa kwenye maduka ya dawa. Hata dispensari ndogo iliyo na vijiti vya kupimia mkojo vya kawaida inaweza kukusomea, kwa kuwa aina nyingi zina kiraka cha ketoni kati ya viraka vyake. Unakojoa kwenye kikombe safi, unachovya kijiti, unakung'uta, unangoja, kisha unalinganisha rangi na picha zilizo ubavuni mwa chupa. Muda wa kungoja unatofautiana: kuna vijiti vya sekunde 15 na kuna vya sekunde 40. Soma chupa yako, kwa sababu ukisoma mapema mno au ukichelewa rangi itakudanganya. Rangi inaanza kama ya ngozi nyeupe, inakwenda waridi, mpaka zambarau iliyokolea. Chupa zinaandika alama ya kujumlisha: moja ni kidogo, mbili ni wastani, tatu na nne ni nyingi.

Vijiti hivi vina mipaka miwili inayofaa kujulikana. Mkojo unakaa kibofuni, kwa hivyo unachokisoma saa nne asubuhi ni habari za saa kadhaa zilizopita, si za sasa hivi. Na mgonjwa anapoanza kupona, mkojo unaweza kuendelea kuonyesha ketoni ilhali damu imeshaanza kusafika. Mwenye uwezo wa kupata mashine ya kupima ketoni kwenye damu anapata habari za wakati ule ule. Chini ya 0.6 ni kawaida, kuanzia 1.5 ni hatari inayohitaji hatua, na 3.0 au zaidi ni hospitali. Na chupa ya vijiti iliyofunguliwa miezi mingi, ikakaa bafuni kwenye joto na unyevu wetu wa pwani, huenda imeshakufa. Andika tarehe uliyoifungua.

Insulini: ya msingi haikatwi, ya ziada inahesabiwa

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Insulini ya mgonjwa igawe kichwani mwako mara mbili.

Iko insulini ya msingi, ile ya kazi ndefu, inayolizuia ini kumwaga sukari na kuyazuia mafuta kuchomwa ovyo. Kwa wanaopiga ya mchanganyiko asubuhi na jioni, ile yenye ukungu inayobingirishwa kwanza viganjani, sehemu kubwa ya chupa ile, 70 kwa 30, ni ya kazi ndefu. Insulini ya msingi haiachwi hata kama mgonjwa hajala chochote, kwa kuwa kazi yake si ya chakula.

Kisha iko ya ziada, ya kazi fupi, ile safi kama maji. Hiyo ndiyo inayotumika kupambana na ketoni, na kiasi chake kinatokana na hesabu ya mgonjwa mwenyewe. Jumlisha yuniti zote anazopiga kwa siku nzima akiwa mzima. Sukari ikiwa juu na ketoni za mkojo ni alama moja au mbili, au za damu ni kati ya 1.5 na 3.0, ziada ni asilimia 10 ya jumla hiyo. Zikiwa alama tatu au nne, au 3.0 kwenda juu, ziada ni asilimia 20, na hiyo anaipata akiwa njiani kwenda hospitali, si badala ya kwenda. Ziada hii inapigwa juu ya dozi yake ya kawaida. Kwa insulini ya kisasa ya kasi inaweza kurudiwa baada ya saa 2 ikiwa vipimo bado vinaidai. Kwa ile ya zamani ya kazi fupi, inayopatikana zaidi kwenye hospitali zetu za serikali, ngoja saa 4, kwa sababu inakaa mwilini muda mrefu zaidi, na ukirundika dozi juu ya dozi sukari itaporomoka baadaye wakati hakuna anayetazama.

Hesabu hii si ya kubuni siku ya ugonjwa. Siku ya kliniki, ukiwa mzima, mwambie daktari au muuguzi wa kisukari akuandikie yako: jumla yako, asilimia 10 ni yuniti ngapi, 20 ni ngapi, na kama upewe chupa ndogo ya insulini fupi kwa siku kama hizo. Wapo wenye figo dhaifu, wazee, watoto wadogo, ambao daktari atawapunguzia. Mwenye kisukari cha aina ya 2 anayepiga mchanganyiko na hana ketoni mara nyingi huongezewa kidogo kwenye dozi zake zile zile: yuniti 2 kila dozi sukari ikiwa 11 hadi 17, yuniti 4 ikiwa 17 hadi 22, na 6 ikizidi hapo. Hizo nazo azithibitishe kliniki kwanza.

Tuifuate siku moja

Tuchukue mfano tulioutunga, uonyeshe hesabu inavyotembea. Binti wa miaka 19 hapa Mkomani ana kisukari cha aina ya 1. Anapiga mchanganyiko yuniti 26 asubuhi na 14 jioni, jumla 40. Kwenye karatasi yake ya kliniki pameandikwa: asilimia 10 ni yuniti 4, asilimia 20 ni yuniti 8. Ana chupa ya insulini fupi kwenye friji.

Jumamosi saa kumi na moja alfajiri anaamka na homa na anatapika. Saa kumi na mbili anatapika tena. Homa ni 38.9, sukari 17.8, ketoni za mkojo alama mbili. Anapiga 26 zake za kawaida za mchanganyiko, na yuniti 4 za insulini fupi juu yake. Mama yake anampigia simu muuguzi wa kliniki kumweleza. Anaanza kunywa maji kwa kijiko na vifundo vidogo, kila dakika tano. Hagugumii, kwa maana tumbo lililochafuka likijazwa ghafla linarudisha yote.

Saa mbili wanafika dispensari, anatobolewa kidole, malaria ipo. Anapewa dawa mseto ya siku 3 na kumeza ya kwanza na maziwa, kwa kuwa dawa ile inafyonzwa vizuri pamoja na mafuta. Haitapiki. Angeitapika ndani ya nusu saa angeimeza upya, na angeitapika tena angehitaji sindano hospitalini.

Saa nne asubuhi sukari ni 16.1, ketoni bado alama mbili. Saa 4 zimepita, anapiga yuniti 4 nyingine. Hatapiki tena, anakojoa, akili yake iko sawa, pumzi yake ya kawaida. Hayo manne ndiyo yanayowaruhusu kuendelea kumwangalia nyumbani. Lingekosekana moja wangeondoka.

Saa nane mchana sukari ni 11.3, ketoni alama moja. Hapa mtu anaweza kutamani kupiga 4 za tatu ili amalize kazi. Hapigi. Ile insulini ndefu iliyo ndani ya mchanganyiko wa asubuhi ndiyo sasa iko kwenye nguvu yake, na tumbo liko tupu. Badala yake anabadilisha kinywaji: kutoka maji matupu anakwenda kwenye strungi yenye sukari na uji mwepesi wa mchele. Kwa mwenye kisukari inasikika kama kosa, lakini ketoni haziishi kwa insulini peke yake. Insulini inahitaji sukari ya kufanyia kazi, ndipo mwili uache kuchoma mafuta.

Saa kumi sukari ni 8.2. Saa kumi na mbili jioni ni 9.4, ketoni chembe tu. Amekula bakuli la uji limetulia tumboni, anapiga 14 zake za kawaida. Mama anaweka saa ya simu impigie kengele saa nne usiku na saa nane usiku, apime. Siku ya pili homa inashuka. Anaendelea kupima mara nyingi kuliko kawaida kwa siku moja mbili, maana homa ikitoka mahitaji ya insulini nayo yanarudi chini, na asiyepima atashuka.

Angefuata neno la "usipige" saa kumi na mbili asubuhi, saa nane mchana angekuwa na sukari ya juu zaidi, ketoni alama tatu au nne, na kutapika ambako kila mtu angekuita malaria.

Sukari ikiwa chini na bado anatapika

Ipo siku inakuwa kinyume. Tumbo la kuendesha na kutapika mara nyingine linaishusha sukari, malaria kali nayo inaweza kuishusha, na kwinini inajulikana kwa kuishusha. Mgonjwa anapima anakuta 4.8, huku ketoni ni alama moja au mbili. Hizo ni ketoni za njaa zaidi, na hazitibiwi kwa kupiga insulini ya ziada. Anahitaji sukari: soda ya kawaida iliyotolewa gesi, strungi ya sukari, dafu, au pakiti ya ORS, kwa vifundo vidogo vidogo. Dafu lina sukari na chumvi ya potasiamu, ni zuri kwa wengi, ila mwenye ugonjwa wa figo aliepuke.

Hata hapo insulini ya msingi haikatwi yote. Inapunguzwa, pengine kwa moja ya tano, pengine kwa nusu, na hapa ndipo simu kwa kliniki ina thamani kuliko siku nyingine yoyote. Mwenye kupiga mchanganyiko yuko kwenye hali ngumu zaidi, kwa kuwa hawezi kuipunguza ile fupi bila kuipunguza ile ndefu, zimo chupa moja. Sukari ikiwa chini ya 4 na kila anachokunywa kinarudi, usifanye hesabu tena. Mpeleke.

Wakati wa kuondoka nyumbani

Ondoka ikiwa kwa muda wa saa 4 hakuna kinywaji kinachokaa tumboni. Ondoka ketoni zikifika alama tatu, au 3.0 kwenye damu. Ondoka ikiwa dozi mbili za ziada zimepigwa na ketoni hazikupungua. Hapo pia itilie shaka insulini yenyewe, huenda chupa ilipikwa na joto umeme ulipokatika. Ondoka mgonjwa akivuta pumzi nzito za haraka, akiumwa na tumbo sana, akisinzia ovyo au akijibu mambo yasiyoeleweka. Mwenye mimba na mtoto mdogo hawangojei hata hayo: ketoni pamoja na kutapika zinatosha.

Hesabu pia njia. Aliye Mkomani ana daraja la Nyali kati yake na Hospitali Kuu ya Pwani kule Makadara, na foleni ya jioni mnaijua. Aliye Likoni ana feri, na kwa hivyo aanze na hospitali ya Likoni ya upande wake. Aliye Changamwe ana Port Reitz. Ukiona saa kumi jioni mambo hayaelekei, usingoje saa tano usiku.

Mkifika mapokezi, usiseme tu "ana homa, anatapika." Utawekwa kwenye mstari wa malaria. Sema: "Ana kisukari, anapiga insulini, anatapika, sukari ni kadha, ketoni ni alama kadha, tumempiga ziada yuniti kadha saa kadha." Sentensi hiyo moja inabadilisha atakachopimwa kwanza. Ikiwa asidi imeshaingia damuni, matibabu yake ni maji ya chumvi kwenye mshipa, insulini inayoingia pole pole kwa saa, na kuangaliwa kwa potasiamu, ambayo insulini inaishusha mpaka moyo ukasumbuka. Hayo hayafanyiki nyumbani, na dripu moja ya dukani haiyafanyi.

Vidonge vya kuuliziwa

Tumezungumza sindano, lakini wapo wanaotumia vidonge pamoja nayo. Mwenye kutapika na kukaukiwa maji husimamisha metformini mpaka ale na kunywa vizuri kwa siku moja au mbili. Dapagliflozini na empagliflozini husimamishwa pia, na hizi zina hila yake: zinaweza kuleta ketoni nyingi wakati sukari haijapanda sana, kwa hivyo anayezimeza akitapika apime ketoni hata mashine ikisoma 10. Dawa za presha za aina ya losatani na zile za kukojoza huweza kuziumiza figo zilizokaukiwa, muulize daktari kama zisimame siku hizo. Dawa ya homa iwe parasetamoli. Ibuprofeni na asprini ziepukwe, kwa ajili ya figo na kwa ajili ya dengi, ambayo inaweza kuvujisha damu.

Yote haya yanaingia kwenye karatasi moja: jumla ya yuniti, asilimia 10, asilimia 20, vidonge vya kusimamisha, nambari ya simu ya kliniki. Ibandikwe kwenye mlango wa friji, na chupa ya vijiti ikae karibu yake. Kisha siku ambayo hakuna mgonjwa, nyanya, mama na kaka wa nyumba hiyo wakae waisome pamoja, hasa ule mstari wa kwanza: asipokula, sindano ya msingi bado anapiga. Siku ya homa atakayeisoma si mgonjwa. Yeye atakuwa amelala.